Gogo na makuti: mwili unachoma nini moyo unapokwenda mbio

Kwenye mashine nyingi za kukimbilia, zile zinazopangwa karibu na dirisha katika jimu za mijini, kuna kibandiko chenye mistari ya rangi. Chini imeandikwa miaka ya umri, kando idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika, na katikati unapita mstari mnene wenye maelezo kwamba hapo ndipo mafuta yanapochomwa. Juu yake upo mwingine wa mazoezi ya moyo na mapafu. Mtu aliyekuja kupunguza kitambi hukisoma kibandiko hicho kama msafiri asomavyo vibao vya stendi: basi letu ni lile la chini. Mapigo yakipanda kidogo kuvuka mstari, anapunguza mwendo asije akapitilizwa kituo.

Kibandiko hakidanganyi. Kinachosemwa pale kimekuwa kikipimwa maabara kwa zaidi ya miaka mia moja. Shida yake ni kwamba kinajibu swali ambalo mwenye kitambi hakuliuliza.

Mwili unaotembea au kukimbia huwaka kwa vitu viwili hasa: mafuta, na wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini kwa jina la glaikojeni. Protini huchangia kidogo tu. Hivi viwili havipokezani zamu, vinawaka pamoja muda wote, na kinachobadilika ni kiasi cha kila kimoja. Wapishi wa shughuli wanaijua hali hii. Chini ya sufuria kubwa la pilau kuna gogo linalowaka taratibu usiku kucha, na pembeni kuna lundo la makuti. Maji yakitakiwa yachemke upesi, mpishi husukumia makuti na moto huruka. Gogo linabaki pale pale, likiendelea kufuka, ila kwa dakika hizo moto mkubwa unatoka kwenye makuti. Na lundo la makuti huisha.

Mafuta ya mwilini ndiyo gogo. Mtu wa kilo 70, hata akiwa mwembamba, huwa amebeba kilo 8 au 10 za mafuta, na kila gramu ina kalori 9 za aina ile inayoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Hiyo ni akiba ya kalori 70,000 na zaidi. Glaikojeni yake yote, ya misuli na ya ini, ni gramu 500 hivi, sawa na kalori 2,000. Lundo la makuti ni dogo kuliko watu wengi wanavyodhani.

Nani aliona ndani ya msuli ukajulikana unachoma nini? Siri ilitoka kwenye pumzi. Sukari ya glukosi inapounguzwa mwilini, kila molekuli yake moja hutumia molekuli 6 za oksijeni na kutoa 6 za hewa ya ukaa. Inayoingia na inayotoka ni sawa, kwa hiyo ukigawanya unapata 1.00. Chukua sasa asidi ya palmitiki, mafuta yaliyo tele katika mawese na ambayo jina lake limetokana na mchikichi wenyewe. Molekuli moja hutaka oksijeni 23, na hutoa hewa ya ukaa 16 tu. Kumi na sita kwa ishirini na tatu ni 0.70. Basi mtu akivalishwa barakoa inayopima pumzi yake, na uwiano ukasomeka 0.70, anachoma mafuta karibu matupu. Ukisomeka 1.00, ni wanga mtupu. Ukiwa 0.85, nusu kwa nusu.

Mdenishi August Krogh na mwenzake Johannes Lindhard walichapisha kipimo cha namna hiyo mwaka 1920, kilichofanyika Kopenhageni. Waliwaweka watu ndani ya chumba kilichofungwa, wakawapandisha kwenye baiskeli isiyokwenda popote, baada ya kuwalisha siku kadhaa chakula cha mafuta mengi au cha wanga mwingi. Waliokula mafuta walilalamika kuchoka, na vipimo viliwaunga mkono: kazi ile ile iliwagharimu zaidi. Sababu inaonekana kwenye hesabu ya oksijeni. Lita moja ya oksijeni ikiunguza wanga hutoa kalori 5 hivi, ikiunguza mafuta hutoa 4.7. Tofauti ni ndogo, lakini mtu anayepanda mlima huku kifua kikipaa hana oksijeni ya kuchezea.

Ndiyo maana mchanganyiko hugeuka kadiri kazi inavyozidi. Kipimo kinachotajwa sana ni cha Johannes Romijn na wenzake, kilichotoka mwaka 1993, juu ya waendesha baiskeli waliozoea mazoezi. Walipoendesha kwa robo ya uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni, nguvu karibu yote ilitoka kwenye mafuta, mengi yakiletwa na damu kutoka chini ya ngozi na tumboni. Walipofika asilimia 65, wanga ulikuwa umeongezeka sana, ila na mafuta nayo yaliongezeka kwa uzito, maana kazi yenyewe ilikuwa kubwa. Walipofika asilimia 85, mafuta yalishuka, si kwa sehemu yake tu, hata kwa gramu. Msuli ulikuwa umeyapa kisogo.

Mambo kadhaa hutokea kwa pamoja katika mwendo huo wa juu. Damu inakimbilia miguuni, kwa hiyo mafuta yanayofunguliwa kwenye hifadhi zake hukosa wa kuyabeba kwa wingi. Homoni ya adrenalini inapanda na kuichochea glaikojeni ivunjwe haraka. Msuli unaita nyuzi zake za kasi, ambazo kwa asili hupenda wanga. Na kuna mlango: asidi za mafuta haziwezi kuingia kwenye mitokondria, yaani vile vijiko vidogo vya moto ndani ya seli, bila kushikwa mkono na kemikali iitwayo kanitini. Wanga ukiunguzwa kwa kasi, kanitini hiyo inashughulishwa kwingine na mlango unakuwa mwembamba.

Sasa tumfuate mtu mmoja kwa hesabu. Tuseme ni mama wa miaka 45, kilo 70, hana mazoezi mengi, na uwezo wake wa juu ni lita 2.1 za oksijeni kwa dakika. Anatembea kwa haraka, kama mtu anayewahi kivuko. Anatumia lita moja ya oksijeni kwa dakika na uwiano wa pumzi yake ni 0.85. Kwa nusu saa atakuwa ameunguza kalori 146 hivi, nusu yake mafuta. Hizo ni gramu 8 za mafuta.

Siku ya pili anakwenda mchakamchaka wa polepole. Oksijeni inafika lita 1.3, uwiano unapanda hadi 0.88. Nusu saa inatumia kalori 190. Sehemu ya mafuta imeshuka hadi kama asilimia 40, lakini ukipiga hesabu ya gramu utazipata zile zile 8. Hapa ndipo kilele chake kilipo: mafuta hayatapanda zaidi ya hapo.

Siku ya tatu anaamua kukimbia kwelikweli. Lita 1.7 kwa dakika, uwiano 0.95. Nusu saa, ikiwa ataimaliza, imemla kalori 250 na zaidi. Mafuta ndani yake ni gramu 4 na nusu tu. Kilichobaki, zaidi ya gramu 50, ni wanga.

Kwa hiyo kibandiko cha jimu kimesema kweli: siku ya tatu, iliyomtoa jasho kuliko zote, ndiyo iliyochoma mafuta kidogo kuliko zote. Lakini kabla hajashangilia na kurudi kwenye matembezi, atazame gramu 8 ni nini. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina gramu 13 au 14. Nusu saa ndani ya ule mstari wa rangi imechoma zaidi kidogo ya nusu kijiko. Mpishi wa chapati humwaga kiasi hicho kwenye kikaango bila kufikiri.

Na hesabu haifungwi mtu anaposhuka kwenye mashine. Yule aliyekimbia kwa nguvu ametumia sehemu ya glaikojeni yake, na chakula cha wanga atakachokula jioni kitakwenda kwanza kujaza pengo hilo, huku mwili uliopumzika ukiendelea kuchoma mafuta. Aliyetembea amechoma mafuta zaidi barabarani, ila wanga wa jioni hauna pengo kubwa la kuziba. Kufikia kesho asubuhi tofauti ya nani alichoma nini imekwisha kufifia. Kitambi kinahesabu kilicholiwa na kilichotumika kwa siku na majuma, na katika hesabu hiyo gramu zilizounguzwa ndani ya nusu saa ni mstari mmoja tu.

Faida ya kweli ya mwendo wa chini iko kwenye muda. Mama huyu anaweza kutembea saa nzima, akatumia kalori 290, zaidi ya alizotumia kwa nusu saa ya kukimbia, na kesho yake akarudia bila magoti kugoma. Kukimbia kwa nguvu kila siku hatakuweza.

Tumefika kwenye kanda zenyewe. Saa nyingi za mkononi hugawa mapigo katika kanda tano, kwa asilimia za kiwango cha juu kabisa ambacho moyo wa mtu unaweza kufika: ya kwanza ni asilimia 50 hadi 60, ya pili 60 hadi 70, na kuendelea hivyo kwa kumi kumi mpaka 100. Saa haijui kiwango hicho cha juu. Inakibuni kwa kuchukua 220 na kutoa umri. Kanuni hiyo inahusishwa na Samuel Fox na wenzake, walioandika mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakipitisha mstari kati ya takwimu za tafiti za watu wengine. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake walitoa nyingine baada ya kukusanya tafiti nyingi: 208 toa asilimia 70 ya umri. Kwa mama wa miaka 45 zinakaribiana, 175 na 176. Kwa mzee wa miaka 65 zinaachana: 155 kwa ya zamani, 162 kwa mpya. Na kanuni zote mbili zinatoa wastani. Watu wa umri mmoja hutofautiana, na mtu kuwa mapigo 10 juu au chini ya wastani huo ni jambo la kawaida kabisa, wala si ugonjwa.

Lipo kosa kubwa zaidi, nalo limejificha kwenye neno asilimia. Asilimia ya nini? Kwa njia ya kwanza, kanda ya pili ya mama wetu ni asilimia 60 hadi 70 ya 176, yaani mapigo 106 hadi 123. Lakini ipo njia ya Mfini Martti Karvonen, ya mwaka 1957, ambayo huanza kuhesabu kutoka mapigo ya mtu akiwa amepumzika. Tuseme yake ni 70. Nafasi kati ya 70 na 176 ni 106. Asilimia 60 ya 106 ni 64, ongeza 70 unapata 134. Asilimia 70 inafika 144. Kanda ile ile ya pili, asilimia zile zile, mtu yule yule, na namba hazigusani hata ukingoni. Saa nyingine hutumia njia hii, nyingine ile, na nyingi humwachia mwenye saa achague ndani ya mipangilio. Marafiki wawili wanaolinganisha kanda zao baada ya jogingi ya Jumapili huenda wanalinganisha dira mbili tofauti.

Wenye maabara hukwepa utata huo kwa kupima pumzi. Asiye na maabara ana kipimo kingine, na yeyote aliyepita shule za Tanzania au Jeshi la Kujenga Taifa amewahi kukitumia bila kukiita kipimo. Mchakamchaka hukimbiwa kwa nyimbo. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na mwendo unafuata wimbo. Ili mtu aimbe anahitaji kutoa pumzi ndefu, na pumzi ndefu inawezekana tu pale ambapo mwili hauna haraka ya kutupa hewa ya ukaa. Kazi ikizidi, wanga ukavunjwa kwa kasi na laktati ikaanza kupanda kwenye damu, kupumua hukazana na wimbo hukatika. Wataalamu wa mazoezi hutumia kipimo cha maongezi kwa mantiki hiyo hiyo. Anayeweza kutamka sentensi nzima bila kuikata bado yuko upande wa gogo. Anayejibu kwa neno moja moja ameshahamia kwenye makuti. Namba atakayoisoma kwenye saa wakati sauti inapoanza kukatika ndiyo mpaka wake mwenyewe, na ina maana zaidi kuliko ile ya 220.

Mpaka huo unasogea. Miezi ya mazoezi ya mwendo wa wastani huongeza mitokondria ndani ya misuli na mishipa midogo inayoizunguka, na mwendo uliokuwa ukimtoa mtu pumzi sasa anaupita huku akiimba. Kwa waendesha baiskeli waliozoea mazoezi kiasi, Juul Achten na wenzake waliona mwaka 2002 kwamba mafuta yalifikia kilele penye asilimia 64 ya uwezo wa oksijeni, ambapo moyo ulikuwa kwenye asilimia 74 ya kiwango chake cha juu. Kwa asiye na mazoezi kilele kinakuja mapema zaidi na ni kifupi. Chakula nacho kinausogeza. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 hivi, na insulini inayopanda baada ya kuinywa huzuia mafuta yasifunguliwe hifadhini kwa muda mrefu. Aliyekunywa soda kabla ya kutembea na asiyekunywa wanaweza kuwa na mapigo 120 wote wawili, na kila mmoja akawa anachoma mchanganyiko wake.

Kwa mkimbiaji wa marathoni swala hili halihusu kitambi hata kidogo. Kukimbia hugharimu takribani kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 60 akimaliza kilomita 42 atakuwa ametumia kalori 2,500. Akikimbia kwa kasi inayotaka asilimia 80 ya nguvu hiyo itoke kwenye wanga, anahitaji kalori 2,000 za wanga, ambazo ndizo akiba yake yote, na sehemu ya akiba hiyo iko mikononi na mabegani ambako miguu haiwezi kwenda kuazima. Basi kuanzia kilomita ya 30 hivi miguu hukata moto. Mafuta bado yamejaa tele, lakini gogo peke yake haliwezi kuuchemsha mwendo ule. Anaanza kutembea. Kwenye Kilimanjaro Marathoni, ambako sehemu ya pili ya njia hupanda kutoka Moshi kuelekea Mweka, aliyetumia makuti yake vibaya kwenye tambarare za asubuhi huonekana mapema.

Wakimbiaji wa daraja la juu wanajua kwamba hawawezi kushinda kwa mafuta, hivyo hujitahidi kuongeza makuti njiani. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40, alikuwa akipewa vinywaji vya wanga barabarani. Na nyumbani sahani yao inasema hivyo hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 na Vincent Onywera na wenzake, juu ya wakimbiaji bora wa Kenya, ulikuta zaidi ya robo tatu ya kalori zao zinatoka kwenye wanga, ugali na sukari ya chai vikiongoza. Wembamba wao haukutokana na kuuogopa ugali.

Yabaki machache kuhusu saa yenyewe. Taa yake ya kijani husoma mabadiliko ya damu chini ya ngozi, na kamba ikilegea inaweza kudaka mtikisiko wa mkono badala ya moyo. Dalili yake ni namba inayoruka ghafla hadi 160 au 170 mtu akiwa anakimbia polepole na kuongea vizuri. Hizo ni hatua zake zinahesabiwa. Njia ya kuhakiki ni ya zamani: simama, weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Joto la pwani nalo hupandisha mapigo, kwa kuwa moyo unapeleka damu kwenye ngozi ili kuipoza. Mwendo uliosomeka 130 saa kumi na mbili asubuhi unaweza kusomeka 140 na zaidi saa nne, na miguu haijaongeza kazi yoyote.

Wapo pia wanaotumia dawa za presha au za moyo kama atenololi, propranololi na bisoprololi. Kazi ya dawa hizo ni kuyashikilia mapigo yasipande, kwa hiyo kanda zote za saa na za kibandiko hazimhusu anayezitumia: anaweza kuwa hoi kwenye mapigo 110. Huyo apime kwa wimbo au kwa maongezi, amuulize daktari wake mpaka wake ni upi, na asiache kidonge hata siku moja ili saa isome juu.